Ndizi mzuzu: ipi ya kukaanga, ipi ya nazi, ipi ya kuchoma?

MamaRehema (Kigamboni)
Habarini wapendwa. Leo Jumatatu nimeletewa mkungu wa mzuzu kutoka Morogoro, na Jumamosi nina wageni. Nataka vitu vitatu: ndizi za kukaanga, ndizi za nazi, na za kuchoma za kuliwa na nyama. Tatizo ni kwamba mkungu wenyewe haulingani. Chane ya juu imeanza unjano, za katikati ni kijani tupu, na chini kabisa kuna vidole vyembamba vimebaki na kona kona. Dada yangu anasema nisubiri zote ziive ndipo nipike. Shemeji anasema ndizi iliyoiva ni ya watoto, nipike zote mbichi. Mnashauri nini?

Kipanga77
Dada yako yuko sahihi kwenye kukaanga, basi. Ndizi mbichi ukiikaanga unakula mti. Ila usiache mkungu juani, tia zote kwenye friji ziive taratibu hadi Jumamosi.

MzeeMakaa (Tanga)
Kipanga, hapo kwenye friji naomba nikusimamishe. Friji ni ya ndizi iliyokwisha kuiva, hapo kweli inakuongezea siku mbili tatu, ganda linakuwa jeusi lakini ndani iko salama. Ndizi ya kijani ukiitia friji haiivi. Ganda linageuka kama kijivu cheusi, ndani inabaki ngumu, na hata ukiitoa baadaye haipati utamu wake. Ndizi ni mti wa joto, ubaridi wa friji unaiumiza.

Sasa mama Rehema. Mimi nachoma ndizi hapa barabarani kwa kazi, na kitu cha kwanza ninachokagua si rangi. Natazama zile kona. Ndizi iliyokomaa imejaa, ukiizungushia vidole unahisi mviringo. Ndizi changa ina kona kali na ubavu bapa. Kukomaa kunatokea shambani, kuiva kunatokea popote, na ndizi iliyokatwa changa haitakuja kukomaa nyumbani kwako hata uifunike vipi. Itageuka njano, ndiyo, lakini itasinyaa na utamu utakuwa wa mbali.

Chane ya juu ndiyo iliyotoka kwanza kwenye mkungu, ndiyo maana imetangulia. Vile vidole vya chini vyenye kona usivisubiri viive. Vimenye leo au kesho, uvichemshe na maharage au samaki.

MamaRehema
Ahsante sana mzee wangu. Kwa hiyo ya juu nikaange, ya kati nichome? Na ya nazi nitoe wapi?

Mangi_Kibosho
Mtori haupikwi kwa mzuzu jamani. Tafuta mshare. Mzuzu kwenye mtori unakuwa mzito na una utamu wa ajabu ajabu.

MamaRehema
Kaka, sipiki mtori.

Mangi_Kibosho
Nimekuelewa, ila wageni wakija nyumba bila mtori watasema nini? Hata hivyo nina swali langu hapa hapa. Nikipika machalari, ndizi zangu zinachemka saa nzima na bado zina moyo mgumu. Ndizi ni zile zile anazotumia mama na zake zinalainika. Mama anaweka magadi kidogo, mimi siweki.

MzeeMakaa (Tanga)
Nyanya unatia saa ngapi, Mangi?

Mangi_Kibosho
Mwanzo kabisa, nakaanga na kitunguu halafu natia ndizi na maji.

MzeeMakaa (Tanga)
Basi hapo ndipo. Kitu chochote chenye ukali, iwe nyanya, ndimu au ukwaju, kinaifanya ndizi mbichi ikaze. Chemsha ndizi na nyama mpaka kidole cha ndizi kikubali uma, kisha mwaga rojo la nyanya juu. Magadi yanafanya kinyume cha nyanya, yanalainisha haraka, ila yakizidi kidogo tu chungu kizima kinanuka sabuni. Mimi siyatumii. Wenzako wa Kilimanjaro kwenye kiburu hawawezi kuyaacha, sibishani nao.

BiKhadija_Ng'ambo (Zanzibar)
Mwanangu Mama Rehema, nikujibu mimi ya nazi, hawa wanaume wanazunguka.

Ndizi ya nazi haitaki mbichi wala haitaki iliyolegea. Inataka ile ya njano yote huku ncha mbili bado zina ukijani, ukiibonyeza inakubali kidogo tu. Hapo ina utamu na bado ina nguvu ya kusimama ndani ya tui. Ukichukua iliyokwisha kuwa na madoa meusi inaingia sufuriani vipande inatoka uji, na rangi ya tui inachafuka.

Menya, kata mara mbili kwa urefu kama ni kubwa, toa ule uzi mweusi wa katikati kama umejitokeza. Panga sufuriani, mwaga tui jepesi lifunike, tia chumvi chembe na hiliki ya kutwanga. Moto wa wastani, bila kifuniko. Usikoroge hata siku moja, shika sufuria mikononi uizungushe. Baada ya dakika kumi hivi tui limepungua na ndizi imelainika. Sasa punguza moto, mwaga tui zito, na likianza tu kufukuta pembeni, epua. Likichemka kwa nguvu linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini.

Sukari mimi siweki, kama ndizi ni ya kiwango hicho inajitosheleza.

Kipanga77
Nazi bila sukari, Bi Khadija? Kwetu Ramadhani bila sukari watu hawali futari.

BiKhadija_Ng'ambo (Zanzibar)
Basi kwenu mnanunua ndizi mbichi. Nenda zako.

Shangazi_Leicester
Nawasalimu kutoka kwenye baridi. Huku tunapata ndizi kubwa za Amerika ya Kusini, na nyingi zinauzwa za kijani. Kwa hiyo nataka kumpinga Kipanga kwamba mbichi haikaangwi. Jirani yangu mmoja Mkolombia amenifundisha wanavyofanya, wanaita patakoni. Unakata vipande vinene, kama sentimita mbili na nusu, unakaanga kwenye mafuta ya moto wa wastani dakika nne tano mpaka vibadilike rangi kidogo na vilainike ndani. Unatoa, unaviponda na kitako cha kikombe vikiwa bado vya moto mpaka viwe bapa. Kisha unarudisha kwenye mafuta makali mpaka vikauke nje. Chumvi ni mwisho.

Siri ni ile mara mbili. Mara ya kwanza inaivisha ndani, ya pili inakausha nje. Ukikaanga mara moja tu kwa moto mkali, ndipo unapokula huo mti wa Kipanga.

Na krispi za ndizi ni mbichi tu, hamna namna nyingine. Ukitumia ya njano inaungua kabla haijakauka.

MzeeMakaa (Tanga)
Shangazi amesema kweli, na sababu yake ndiyo inayotenganisha mapishi yote haya. Ndizi mbichi ni wanga, inaposubiri kuiva wanga unageuka sukari. Sukari ndiyo inayoleta rangi ya kahawia, na ndiyo inayoungua. Kwa hiyo kadiri ndizi ilivyoiva, mafuta yapunguzwe moto. Chovya kijiti kikavu cha mti ndani ya mafuta. Kwa ndizi iliyoiva nataka vipovu vya polepole kuzunguka kijiti. Vikiruka kwa fujo, mafuta hayo ni ya mbichi.

Iliyoiva ya kukaanga kata mshazari, unene wa kidole kidogo, usijaze kikaango. Ikikamata rangi geuza mara moja. Ikiwa imelowa mafuta na imelegea, ama moto ulikuwa mdogo mno au ulirundika vipande vingi. Ikiwa nyeusi nje na katikati bado ina ugumu mweupe, moto ulikuwa mkali au ndizi haikuiva vya kutosha.

Ya kuchoma ndiyo kazi yangu. Kwa kuliwa na nyama, chukua ya kijani iliyojaa, au ile iliyoanza kupauka. Imenye, pakaa mafuta kidogo, weka kwenye wavu juu ya makaa yaliyoshika majivu, mbali na mwali, na uigeuze geuze. Dakika ishirini hivi. Utajua imeiva unapoichoma kwa kijiti kikaingia bila kukwama, na nje inakuwa na ngozi kavu. Iliwe ya moto, ndizi mbichi iliyopikwa ikipoa inarudi kukaza. Ndiyo maana ndizi choma ya jana haina mnunuzi.

Iliyoiva kabisa usiimenye ukitaka kuichoma. Iweke na ganda lake mpaka ganda lipasuke na liwe jeusi, sukari ibaki ndani badala ya kudondokea makaa.

Shangazi_Leicester
Mimi hiyo ya ganda naiweka kwenye oveni, nyuzi 200 kama nusu saa, natoboa ganda kwanza. Hainuki moshi, lakini inalika.

MzeeMakaa (Tanga)
Mama Rehema, kwa Jumamosi fanya hivi. Chane ya juu iliyoanza unjano iache wazi kivulini. Kwa joto la Kigamboni, Ijumaa au Jumamosi itakuwa na madoa meusi, hiyo ni ya kukaanga. Chane ya pili, kesho asubuhi ifunge kwenye mfuko wa karatasi au boksi pamoja na ndizi mbili za kisukari zilizoiva, ufungue kila jioni uangalie. Ikifika pale alipoelekeza Bi Khadija, itoe humo. Zinazobaki za kijani zitenganishe mbali kabisa na zile za njano, kwenye hewa, maana ndizi inayoiva inaambukiza jirani yake. Hizo ni za wavu.

MamaRehema
Na kumenya hizi za kijani? Utomvu umeshanitia madoa kwenye kanga.

BiKhadija_Ng'ambo (Zanzibar)
Pakaa mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla hujagusa ndizi. Kata ncha, pasua ganda kwa urefu, kisha limenyue kwa kidole gumba ndani ya beseni la maji, na uziache humo humo zisiwe nyeusi. Ya kanga sina la kukwambia, utomvu wa ndizi hautoki.

Kipanga77
Hayo maji yatiwe chumvi. Ndizi ikilala kwenye maji ya chumvi inakuwa tamu zaidi ukikaanga.

Shangazi_Leicester
Inakuwa na chumvi zaidi, Kipanga. Na uikaushe kwa kitambaa kabla ya kuitia kwenye mafuta, isije ikakurukia.

Mangi_Kibosho
Leo nimetia nyanya mwisho. Ndizi zimelainika kwa dakika arobaini. Ila nyumbani wanasema machalari yamekosa rangi, wanataka niendelee kuikaanga nyanya mwanzo. Mnafanyaje hapo?

MzeeMakaa (Tanga)
Ikaange pembeni kwenye kikaango mpaka iive na mafuta yajitenge, ndipo uimwage juu ya ndizi zilizokwisha kulainika.