Skuta 125 inaunguruma bila kwenda na inanuka mpira uliounguzwa: nibadilishe mkanda tu au na varieta?

MamaVitafunwa
Wakuu, habari za leo. Nina skuta ya Kichina ya 125, ile injini ya GY6, nimeinunua mkononi mwa mtu ikiwa na kilomita 17,000 kwenye saa. Napelekea vitafunwa maofisini, natoka Kimara kushuka mjini, jioni napanda kurudi.
Zamani ilikuwa inafika 80 vizuri. Sasa nikivuta resi mpaka mwisho injini inalia sana lakini spidi inagota 65. Nikiwa na mzigo napanda kutoka Ubungo, inatoa harufu ya mpira ulioungua. Fundi wa mtaani anasema tung'oe mkanda, varieta, rola na klachi, vyote viwe vipya. Hiyo ni pesa ya mtaji wangu. Je, ni lazima vyote? Na mkanda unabadilishwa baada ya kilomita ngapi?

Baba_Zuu
Hiyo ni klachi, dada. Harufu ya kuungua ni viatu vya klachi vimekwisha. Badilisha viatu, mkanda uache mpaka ukatike.

Vespa_Malindi
Salaam kutoka Unguja. Vespa yangu ilikuwa hivyohivyo. Legeza waya wa klachi pale kwenye mkono wa kushoto, uwe na ulegevu kidogo. Haitoteleza tena.

SpanaMkononi
Vespa_Malindi, kaka, ya kwako bila shaka ni ile ya zamani ya kubadilisha gia kwa mkono. Ile haina mkanda kabisa. Ya dada ni otomatiki, na mkono wake wa kushoto ni breki. Akilegeza waya huo atakuwa analegeza breki ya nyuma.

Baba_Zuu, klachi nayo hunuka, hapo sikupingi. Ila tuulize kwanza inateleza wakati gani. Klachi ikiisha, utaiona skuta ikianza kuondoka: unavuta resi, injini inapanda, chombo kinasitasita, kisha kinashika na baada ya hapo kinakwenda kawaida. Klachi ikishashika, haiwezi yenyewe kukupunguzia spidi ya mwisho kutoka 80 hadi 65 kwenye barabara tambarare. Hilo naliweka kwa mkanda au rola.
Kuhusu kuacha mkanda mpaka ukatike, usimwambie mtu hivyo. Ukikatika utabaki katikati ya Morogoro Road na mzigo wako, na nyuzi zake hujisokota kwenye shafti nyuma ya varieta, zinaweza kuharibu sili ya krenki.

Dada, kabla ya kununua chochote fungua kava la upande wa kushoto. Tazama mambo mawili. Kwanza, je, kuna oili ndani? Ukiona oili mbele, sili ya krenki inavuja. Ukiiona nyuma, ni sili ya giaboksi. Mkanda ulioguswa na oili utateleza hata ukiwa mpya, kwa hiyo sili inatangulia. Pili, pima upana wa mkanda kwa venia, sehemu ya juu iliyo pana, mahali kadhaa. Namba imeandikwa mgongoni mwake.
Kabla ya kuuvua, fanya na jaribio hili. Chora mistari kwa maka peni kwenye uso wa puli ya mbele, kutoka katikati mpaka ukingoni. Funga, nenda ukaivute mpaka mwisho penye barabara wazi, rudi ufungue. Mkanda hufuta wino kila unapopita.

MamaVitafunwa
Asante sana, kaka. Nimefungua na kijana wa gereji, nimesimama palepale. Oili hakuna, kukavu, lakini kuna vumbi jeusi tele. Mkanda umeandikwa 743-20-30. Umepimwa, unasoma 18.2, pembeni unang'aa kama kioo na ukiukunja unaonyesha nyufa kati ya meno. Wino umefutika katikati, ila kipande cha juu karibu na ukingo kimebaki chote, karibu upana wa kidole.
Rola nazo tumezitoa. Tatu kati ya sita zimelika upande mmoja, hazibingiriki mezani. Varieta ukipitisha ukucha ni laini.

SpanaMkononi
Basi jibu umelipata mwenyewe. Katika namba ile, 743 ni urefu, 20 ni upana ukiwa mpya, 30 ni pembe. Umepoteza karibu milimita mbili. Mimi mkanda wa 20 ukipungua milimita moja naanza kutafuta mwingine, ukipungua moja na nusu siurudishi.

Spidi imeshuka kwa sababu hii: ukivuta resi, rola husukuma puli ya mbele ifumbe, na mkanda hupandishwa kuelekea ukingoni. Ndiyo gia yako ya juu. Mkanda ukiwa mwembamba, puli inamaliza kufumba kabla mkanda haujafika juu. Rola iliyolika nayo inakwama kwenye njia yake, haisukumi mpaka mwisho. Wino peke yake hauwezi kukuambia kosa ni la nani kati ya hao wawili, na kwako ni wote. Ule mng'ao wa pembeni ndio utelezi, na harufu inatoka hapo.

Nunua mkanda wenye namba hiyohiyo na rola sita za uzito uleule wa zamani. Varieta laini iache. Klachi iache mpaka ianze kusitasita.

Sasa simama juu ya fundi kwenye kufunga. Puli ya nyuma ipanuliwe kwa mikono, mkanda uzamishwe ndani kabisa, ili mbele ubaki umelegea. Mkanda ukibanwa kati ya puli za mbele, nati itaonekana imekaza kumbe imeubana mkanda. Ukitembea kidogo unalegea, nati inacheza, na meno ya shafti ya krenki yanakwisha. Hapo ndipo pesa kubwa hutoka. Mshale wa mkanda ufuate mzunguko. Nyuso za puli zifutwe kwa petroli zikauke, grisi isifike.

BintiWaTanga
Mimi nina Honda PCX, kitabu kinasema mkanda ni kilomita 24,000. Kwa nini wake uishe mapema?

SpanaMkononi
Cha PCX kifuate kwenye PCX. Mkanda wa dukani wa GY6, wenye mzigo na mlima kila siku, siuamini kufika huko. Namwambia dada aufungue na kuupima kila 4,000, aubadilishe kwenye 10,000 hata kama bado unaonekana mzuri. Rola zitazamwe siku hizohizo.

KijanaWaDelivari
10,000 ni nyingi kwa kazi ya mzigo. Mimi nabadilisha kwenye 8,000, na wa zamani nauweka chini ya siti kama akiba.

SpanaMkononi
Sikatai, unategemea na mkanda wenyewe. Kipimo cha venia ndicho kinachoamua, kilomita ni za kukukumbusha tu ufungue.

MamaVitafunwa
Imefungwa. Imefika 78 na harufu hakuna. Ila sasa ikianza kuondoka inatetemeka kidogo, kitu ambacho hakikuwepo. Ni mkanda mpya kuzoea au ni ile klachi ya Baba_Zuu?

SpanaMkononi
Inaweza kuwa yoyote kati ya hayo. Itembeze kilomita mia mbili kwanza. Ikiendelea, fungua kava uvue kengele ya klachi, uangalie kama ina madoa ya bluu ya joto au vidole vya grisi vilivyoachwa siku ya kufunga. Tuma picha hapa.