Dawa ya kifafa: anywe saa ngapi ili alfajiri iwe imeshatoka mwilini?

Dada_wa_Sahare: Salaam wanajukwaa. Nipo Tanga mjini. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24 na anatumia fenobarbitoni kwa ajili ya kifafa. Huwa anameza saa tatu usiku. Shida ni kwamba anaamka mzito, kichwa hakimkai sawa, na kazi yake inaanza saa kumi alfajiri. Je, akimeza mapema, tuseme saa kumi na moja jioni, itakuwa imeisha nguvu anapotoka? Nisaidieni, nimechanganyikiwa.

Mjomba_Pongwe: Jibu ni ndiyo. Dawa ya mara moja kwa siku inakaa saa 24, kwa hiyo ukiisogeza mbele nayo inaisha mbele. Mimi Panadol nikimeza mchana, jioni sina kitu mwilini.

Mwana_Famasia: Mjomba, kwa Panadol uko sawa, maana ile hupungua nusu ndani ya saa mbili au tatu. Fenobarbitoni kwa mtu mzima hupungua nusu kwa siku mbili mpaka tano, na wengi wapo karibu na nne. Inaandikwa mara moja kwa siku kwa sababu inatoka polepole. Dada, anameza miligramu ngapi, na ana uzito gani?

Dada_wa_Sahare: Vidonge vinne vya 30. Kilo 60.

Mwana_Famasia: Basi ni 120 kwa usiku. Tukichukua siku nne kuwa muda wa kupungua nusu, mwili unatoa kama sehemu 16 katika kila 100 kwa siku nzima. Kutoka saa kumi na moja jioni mpaka saa kumi alfajiri zinatoka sehemu 8 hivi tu. Akimeza jioni au usiku, alfajiri damu yake ina kiwango kilekile kwa vitendo. Baada ya kumeza kila siku kwa wiki kadhaa, mwilini anakuwa amebeba dozi sita kwa pamoja, na kidonge cha leo kinajaza tu kilichotoka tangu jana. Kwa uzito wake nakadiria miligramu 20 kwa lita ya damu.

Uzito wa asubuhi unaweza kuwa dalili kwamba dozi ni kubwa kwake, na hilo ni la kuzungumza kliniki. Kusogeza saa hakutasaidia. Kazi yenyewe ni ipi?

Kijiti_Pweza: Mimi nikinywa bia nne usiku, alfajiri naingia baharini mzima. Mwili wa mvuvi unachoma haraka, msimtishe kijana.

Mwana_Famasia: Pombe ina mwendo wake. Ini linaondoa karibu kiasi kilekile kila saa, uwe umekunywa nyingi au kidogo. Fenobarbitoni inatoka kwa sehemu ya kilichopo: ikiwa nyingi inatoka nyingi, ikipungua na mwendo unapungua. Usipime moja kwa nyingine.

Bi_Mwambao: Dada, msikilize huyo wa famasia. Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa na kifafa, akakaa miezi bila kuanguka, tukasema amepona. Siku hiyo alikuwa anakoroga uji, akaangukia mafiga. Mkono wa kulia mpaka leo vidole havinyooki. Vijana wa sasa hawataki kusikia la mkuu, na dawa wanaona aibu kuimeza mbele ya wenzao.

Mwana_Famasia: Pole sana, Bi. Dada, nakuuliza tena kuhusu kazi. Na dawa, anaimeza hadi sasa?

Dada_wa_Sahare: Anazamia pweza na kamba, yupo kwenye mashua ya mjomba wetu. Mara ya mwisho alimeza Ijumaa usiku. Mimi ndiye niliyemwambia apumzike kidogo, kwa sababu mjomba alisema mtu wa kusinzia hamchukui, na wiki hii ni bamvua, pweza wapo. Lakini mbona yupo mzima? Leo Alhamisi hajaanguka hata mara moja, na amechangamka kuliko mwaka mzima. Nilitaka tu kujua saa nzuri ya kumeza atakaporudi kwenye dawa.

Kijiti_Pweza: Anazamia?! Nafuta niliyosema. Mtu akipigwa na kifafa chini ya maji hakuna wa kumsikia.

Mwana_Famasia: Dada, huo uchangamfu ndio unaonipa hofu. Tuhesabu pamoja kuanzia ile 20. Jumapili ilikuwa kama 14, Jumanne 10, leo Alhamisi usiku imefika 7, na Jumatatu itakuwa chini ya 4. Kiwango ambacho kwa kawaida kinatarajiwa kuzuia kifafa ni kati ya 15 na 40, ingawa kuna wanaotulia chini ya hapo. Siku za mwanzo alilindwa na dawa ya wiki zilizopita, kwa hiyo kutokuanguka kwake hakuthibitishi kwamba amepona. Zaidi ya hayo, fenobarbitoni ikiachwa ghafla, ubongo uliokuwa umetulizwa unaweza kuleta degedege kali, hata lile lisilokatika. Ndiyo maana hospitalini hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi au miezi.

Hesabu_Tupu: Samahani, mimi uzi huu nina shaka nao. Nani anajua kilo za mdogo wake kwa kichwa, tena 60 kamili? Mwanzo "kazi inaanza alfajiri", sasa imekuwa kuzamia, na dawa iliachwa zamani. Huyu ana zoezi la chuo la C = C0 × (1/2)^(t/4), anataka mlifanye nyinyi.

Mjomba_Pongwe: Hata mimi nimeshangaa.

Dada_wa_Sahare: Kilo zipo kwenye kadi ya kliniki, iko mkononi hapa. Bahasha ya dawa ni ya khaki, imeandikwa 4 × 1 usiku kwa kalamu nyekundu, na vidonge vya chini vimeanza kutoa unga. Mimi nimeishia darasa la saba, hiyo C0 siijui. Niliogopa kusema mapema kwa sababu mtanilaumu.

Bi_Mwambao: Akiwa anadanganya hatukupoteza kitu. Akiwa anasema kweli kuna mtoto wa watu anaingia majini. Jibuni swali.

Dada_wa_Sahare: Basi usiku huu nimpe vinane ili aifidie?

Mwana_Famasia: Hapana. Pengo kutoka 7 mpaka 20 kwa mwili wake ni karibu dozi nne. Ukijaribu kulijaza kwa mkupuo nyumbani, usingizi unaweza kuzidi mpaka pumzi ikalegea. Hospitalini wanaweza kupandisha haraka wakiwa wanamwangalia. Akirudi kwenye vinne vyake vya kawaida, pengo nalo hupungua nusu kila siku nne: baada ya siku nne atakuwa na 13 hivi, baada ya nane karibu 17. Kwa hiyo hata akianza leo, bamvua hii yote hana kinga kamili. Kliniki kesho asubuhi, kadi na bahasha mkononi, mtaje Ijumaa.

Mjomba_Pongwe: Sasa usiku wa leo alale bila kitu? Mimi ningempa vinne vyake vya kila siku, basi.

Mwana_Famasia: Wapo watakaokuunga mkono, na vinne si vingi kwake. Kwa siku sita zilizopita bila dawa, mimi napendelea daktari wa zamu aulizwe kwanza, hata kwa simu. Na namba zangu ni makadirio. Kama kwake dawa hupungua nusu kwa siku mbili, basi alianzia kwenye nusu tu ya ile 20, na leo amebaki na kati ya 1 na 2.

Dada_wa_Sahare: Mashua inatoka saa kumi. Nampigia mjomba sasa hivi, ila ataniuliza nani atazamia badala yake.

Kijiti_Pweza: Mwambie akae juu ya mashua avute kamba, asishuke majini. Kama ni upande wa Tongoni, nitumie namba ya mjomba faragha, nitazamia mimi.

Mwana_Famasia: Hata juu ya mashua hapana, Kijiti. Akianguka pembeni atatumbukia. Abaki nchi kavu mpaka kliniki waseme.