Ukoo wa Kuka, Mumias

06:41 Senje Rukia: Hamjambo nyote. Jumanne kesi ya shamba inasikizwa Kakamega. Wakili wetu tunaye nyumbani, hatulipi mtu. Amina, vaa ile suti ya mahafali.

06:42 Senje Rukia: Amina?

06:58 Senje Rukia: Naona mmesoma watu kumi na wanne. Mko kimya.

08:15 Hassan: Wakili, pikipiki yangu imekaa polisi tangu Ijumaa. Anza na hiyo kabla ya shamba 😂

08:16 Hassan: Nitakulipa kuku.

09:30 Amina: Shikamoo Senje. Mimi bado si wakili. Nina digrii ya sheria tu. Nikisimama kortini kama wakili wa Kuka, nashtakiwa mimi.

09:33 Senje Rukia: Marahaba. Na lile bango tuliloandika WAKILI AMINA?

09:34 Amina: Niliwaambia liandikwe jina tu.

09:50 Baba Mdogo Musa: Si amebakiza miezi sita ya kukaa ofisi ya mtu? Nilisikia kazini.

10:07 Amina: Hiyo ipo, lakini kwanza ni chuo cha mawakili, Karen, karibu mwaka mzima. Kuna masomo tisa na mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria. Ukianguka somo unalirudia na kulilipia tena. Halafu ile miezi sita, ndipo Jaji Mkuu aniapishe. Mimi mwenyewe nilijua mwaka wa tatu, kwa rafiki ambaye babake ni wakili. Yeye alikuwa ameanza kuweka pesa.

10:12 Baba Mdogo Musa: Kiasi gani?

10:20 Amina: Karo inakaribia laki mbili. Chumba na chakula ni kando.

10:21 Hassan: 🏃🏾

10:26 Zaituni: HELB si inalipa?

10:31 Amina: Inakopesha, ila haitoshi. Na ule wa kwanza bado ninadaiwa.

10:44 Baba Mdogo Musa: Fahali wangu alikwenda mwaka wa kwanza. Niliambiwa ni mara moja.

10:45 Senje Rukia: Musa, fahali tena?

10:45 Baba Mdogo Musa: Sijasema kitu.

13:02 Hassan: Kwa hiyo kuku nimle?

16:18 Kuka (kupitia simu ya Zaituni): Nimesomewa yote. Mtoto hakutudanganya, sisi ndio hatukuuliza. Msimpeleke kortini akafungwa kwa ajili ya mpaka wangu. Nitajisemea.

16:40 Amina: Asante Kuka. Mwenye kesi anaruhusiwa kujisimamia. Jumatatu nitakuja tupange hati, risiti za kodi ya ardhi na ile karatasi ya mpimaji. Kortini nitakaa nyuma.

17:05 Senje Rukia: Sawa. Nauli ya Jumanne, kila mtu mia mbili kwangu kwa M-Pesa. Ya Karen tutaongea.

17:06 Amina: Lini, Senje? Maombi yana siku ya mwisho.

19:48 Baba Mdogo Musa: Nimetuma mia mbili. Ya Jumanne.

21:30 Zaituni: Hiyo karatasi ya mpimaji si ilibaki kwa marehemu Shaban?