Naomba ushauri: hidralazini na hidroksizini kwenye swali la mtihani

Habari zenu wanajukwaa, naomba mnisaidie kwenye swali la mazoezi la uuguzi lililonikwamisha.

Mgonjwa anawashwa mwili, ameandikiwa hidroksizini miligramu 25 kwa mdomo usiku. Muuguzi anahakikisha jina lake na namba ya faili, saa ni sahihi, njia ni sahihi. Ila rafuni amechukua hidralazini miligramu 25, ambayo ni ya kushusha shinikizo la damu. Baada ya saa moja mgonjwa ana kizunguzungu, presha 84/50.

Swali linauliza haki ipi kati ya zile za utoaji dawa imevunjwa, na hatua ipi ingezuia kosa mapema zaidi.

Sehemu ya kwanza nilijibu "dawa sahihi". Mwenzangu anashikilia "dozi sahihi", lakini naona dozi ndiyo iliyomponza muuguzi: dawa zote mbili zina vidonge vya miligramu 25, kwa hiyo namba ililingana na macho hayakurudi kwenye jina.

Sehemu ya pili ndiyo inanisumbua hasa. Nimebaki na majibu mawili: kusoma lebo mara tatu (wakati wa kuchukua, kuandaa na kabla ya kumpa mgonjwa), au kutenganisha dawa hizo rafuni na kuandika sehemu inayotofautiana kwa herufi kubwa, yaani hidrALAZINI na hidrOKSIzini.

Je, neno "mapema zaidi" linamaanisha mpangilio wa rafu, au mtungaji anataka kitendo cha muuguzi mwenyewe? Na "sababu sahihi" ingehesabiwa nayo kuwa imevunjwa?