Naomba ushauri: akiba ya miaka 5 tununue kiwanja Wete

BintiMtambwe: Asalaam aleikum. Mimi na mume wangu tunataka kiwanja cha hatua 20 kwa 20, nje kidogo ya Wete. Leo kinauzwa milioni 9. Yeye anasomesha skuli, mimi nashona. Tukiweka 150,000 kila mwezi, miezi 60 inatimia 9,000,000. Mnaonaje?

MzeeKonde: Mwanangu, chezeni mchezo. Mimi wa kwangu ulikuwa wa watu 12, nikaezekea bati. Wa pili kijumbe alihama na pesa zetu, mpaka leo hatujamwona.

Mpima: Dada, bei haitakusubiri. Ikipanda asilimia 10 kwa mwaka, milioni 9 itakuwa kama milioni 14.5. Mwaka wa kwanza wekeni 150,000 kwa mwezi, kisha kila mwaka ongezeni 30,000: 180,000, 210,000, 240,000, mwisho 270,000. Jumla 12,600,000. Pengo la milioni 1.9 litoke kwenye karafuu kama mnazo, lakini msilipangie kiasi kile kile kila msimu. Mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwakani huenda usizae kitu. Kiwanja ni cha nani, na hati iko wapi?

BintiMtambwe: Cha jirani, mtu wa ibada. Hati anasema iko kwa kaka yake.

Mpima: Iko kwa kaka yake kwa nini? Mmeshatoa chochote?

BintiMtambwe: Haya, nasema. Tumempa arbuni laki 8. Ni kipande cha eka tatu alizopewa marehemu babake baada ya Mapinduzi. Lakini tumeandikiana, mashahidi wawili, na ameahidi bei haitapanda.

Mpima: Basi hesabu yangu iwekeni pembeni. Eka zile zilitolewa kwa matumizi, hazikatwi vipande zikauzwa kwa karatasi ya nyumbani. Na babake ameshafariki, kwa hiyo warithi wote wanaingia. Nendeni kwa sheha, kisha Kamisheni ya Ardhi mkaulize pamesajiliwa kwa jina la nani. Mauzo yenyewe yapite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Kabla ya hapo msiongeze hata shilingi.

BintiMtambwe: Lakini huku kila mtu ananunua hivi hivi. Na tukisita atampa mwengine.

SautiYaChake: Mimi nasema hadithi hii imetungwa. Wiki iliyopita dalali alikuwa akinadi kiwanja cha hatua hizo hizo, bei hiyo hiyo. Huyu anatafuta wateja.

BintiMtambwe: Wallahi sikutunga. Ni pesa nilizoweka ninunue cherehani, noti 80 za elfu kumi, nimezihesabu mwenyewe juu ya mkeka. Hicho cha dalali kina mnazi uliopinda?

SautiYaChake: Upande wa kisimani. Ndiyo.

MzeeKonde: Inna lillahi.

BintiMtambwe: Mume wangu yuko msikitini. Akitoka tu, tunachukua karatasi yetu twende kwa sheha.