Naomba ushauri: barua ya kukiri deni isiyotaja kiasi

Habari zenu ndugu zangu. Naandika kutoka Arua, na kwa kweli nimekwama.

Mwaka 2017 niliwakopesha ndugu wawili shilingi milioni 18 za biashara ya maharagwe. Wote walitia sahihi mkataba, na siku ya kulipa ilikuwa 30 Juni 2017. Hawakulipa hata senti. Najua kesi ya mkataba hapa Uganda hufunguliwa ndani ya miaka 6, kwa hiyo muda wangu ungeisha Juni 2023.

Lakini tarehe 14 Agosti 2022 yule mkubwa aliniandikia kwenye karatasi ya daftari: "Deni lako nalijua, nivumilie mpaka nivune." Chini yake ipo sahihi yake kwa wino wa bluu. Mdogo hakutia yake.

Ninavyoelewa, kukiri deni kwa maandishi yenye sahihi ya mdaiwa huanzisha hesabu upya, kwa hiyo kwa mkubwa nina hadi Agosti 2028. Ahadi za mdomo, ambazo nimepewa nyingi, hazihesabiki. Nimewapelekea barua ya madai. Mkubwa kanyamaza, mdogo kajibu kwamba muda umekwisha.

Naomba mnisaidie haya mawili. Barua haikutaja kiasi: je, naweza kuthibitisha zile milioni 18 kwa mkataba wa awali? Na mdogo, je, kukiri kwa kaka yake kunamfunga, au kwake nimeshachelewa? Angelipa mmoja sehemu ya deni kabla ya Juni 2023, naambiwa ingewagusa wote, ila hakuna aliyelipa.