Naomba ushauri: 11.4 au 11.40 kwenye jedwali la riadha?

Wakuu, habari za kazi. Nipo Tabora, naandaa matokeo ya riadha kwa ajili ya gazeti. Juzi stopwochi ya mwamuzi wa mita 100 ilisoma 11.32. Kwa kanuni, muda uliopimwa kwa mkono hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, nikaandika 11.4. Mhariri akaongeza sifuri, eti safu ilingane na 1.80 ya kuruka juu. Imeniuma, maana 11.40 inamwambia msomaji kwamba muda ulipimwa kwa mtambo wa umeme. Sentimita za kuruka zilipimwa kweli, sifuri yangu haikupimwa.

Nilitaka kuweka "m" ya mkono, lakini itasomwa mita. Ninyi mnatumia alama gani muda wa aina zote mbili ukikutana kwenye safu moja?